Mpito mtupu wa rangi au maumbo yanayotiririka: ipi uiweke kwenye skrini ipi

Anayetengeneza wolpepa za dhahania kwa zana za kuzalisha picha, kama Midjourney au Stable Diffusion, hafiki mbali kabla ya kukutana na njia panda. Upande mmoja kuna mpito mtupu: rangi mbili au tatu zinayeyukiana kutoka juu hadi chini bila umbo lolote. Upande wa pili kuna maumbo yanayotiririka: mikunjo, mawimbi, kingo zinazoshika mwanga na mabonde yenye kivuli. Kwenye kompyuta vyote viwili vinavutia. Kwenye simu, yenye saa juu, aikoni katikati na jua la Dodoma saa saba mchana likipiga kioo, hivi ni vitu viwili tofauti, na hata prompti zake haziandikwi kwa namna moja.

Nianze na msimamo wangu ili usome ukijua ninakokupeleka. Kwa skrini ya kwanza, ile yenye aikoni, chagua mpito mtupu. Kwa skrini iliyofungwa, ile yenye saa na arifa, chagua maumbo. Simu nyingi za Android zinakuruhusu kuweka picha tofauti kwenye skrini hizo mbili, kwa hiyo hulazimiki kuoa moja na kuiacha nyingine. Yapo mazingira yanayoupindua uamuzi huu, nitayafikia, lakini kwanza tuone sababu yake.

Sababu yenyewe ni hii: umbo huonekana kwa tofauti ya mwanga na giza, ilhali mpito unaweza kusimama kwa tofauti ya rangi peke yake. Zambarau iliyokolea inaweza kugeuka taratibu kuwa damu ya mzee bila picha nzima kuwa nyeupe zaidi au nyeusi zaidi, na jicho likafurahia safari hiyo. Mkunjo hauna bahati hiyo. Bila ukingo mweupe kidogo na bonde jeusi kidogo, mkunjo haupo. Sasa, maandishi madogo chini ya aikoni nayo yanasomeka kwa tofauti hiyohiyo ya mwanga na giza. Ndiyo maana maumbo hugombana na maandishi, na mpito hukaa nayo kwa amani.

Rangi zilezile kwa zote mbili

Ulinganisho hauna maana kama upande mmoja umepewa rangi nzuri na mwingine umepewa mabaki. Kwa hiyo nachukua rangi tatu za huku kwetu na kuzitumia pande zote: zambarau nzito ya zabibu zilizoiva, wekundu wa udongo, na dhahabu iliyofifia ya nyasi za kiangazi. Zabibu inabeba sehemu kubwa, kama asilimia 60. Udongo unabeba kama 30. Dhahabu inabaki na 10 au pungufu, na ndiyo inayoipa picha uhai. Mgawanyo huu wa 60, 30 na 10 ni wa zamani kwa wapambaji wa nyumba, na kwenye simu unafanya kazi kwa sababu rangi moja ikitawala, aikoni zenye rangi zake kumi na moja hazina cha kushindana nacho.

Tatizo ni kwamba modeli ya picha haipimi asilimia. Ukiandika kwamba zambarau iwe 60%, inasikia tu kwamba zambarau ni muhimu, basi. Namba za rangi kama `#4B1E4F` nazo hazishikiki kwa uhakika: mara inakuja rangi ya jirani, mara inakuja rangi isiyohusiana. Kinachoshikika ni mahali na ukubwa. Mwambie zambarau ijaze theluthi mbili za juu, udongo ukae chini, dhahabu iwe mstari mwembamba, na mgawanyo utakuja wenyewe bila kutaja asilimia hata moja.

Jambo la pili ni majina ya mahali. Inashawishi kuandika Dodoma, au Kondoa, au mbuyu, ili picha ibebe asili yake. Usiandike. Modeli ikisikia mbuyu inachora mti, na picha ya dhahania imekwisha. Ukitaja michoro ya miambani ya Kolo, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, utapata wanyama na watu wembamba badala ya ule wekundu wa miambani ulioutaka. Ichukue rangi, acha jina. Andika wekundu wa mfinyanzi, mkavu, usiong'aa, na umepata ulichokuwa unakitafuta Kolo.

Prompti zangu ziko kwa Kiingereza kwa sababu modeli nyingi za picha zimefundishwa kwa maelezo ya Kiingereza zaidi ya lugha nyingine. Zana za kuchati zinapokea Kiswahili vizuri, ila baadhi yake huyaandika upya maelezo yako kabla ya kuchora na kuongeza mapambo ambayo hukuyaomba. Kwa kazi ya rangi inayotaka kipimo, hilo ni tatizo.

Mpito mtupu

Hii ndiyo prompti ya kuanzia. Mistari ya mwisho yenye vistari viwili ni ya Midjourney. Kwenye Stable Diffusion yaliyofuata `--no` yanaingia kwenye kisanduku cha `Negative prompt`, na uwiano unauweka kwenye vipimo vya picha.

```
smooth vertical gradient, deep grape purple
filling the top two thirds, melting through maroon
into matte red clay at the bottom, a small patch
of pale gold on the left edge, out of focus, abstract
--ar 9:20 --stylize 50 --no text, horizon, sun, clouds
```

Tazama neno `maroon` lilivyowekwa katikati. Damu ya mzee haikuwa miongoni mwa rangi zangu tatu, lakini nimeitaja kama daraja. Rangi mbili zilizo mbali zikikutana bila daraja, katikati panachafuka. Hesabu ya kompyuta inaonyesha kwa nini: bluu safi ni 0, 0, 255 na njano safi ni 255, 255, 0, ukichukua wastani wake unapata 127 kwa kila mkondo, yaani kijivu kitupu. Modeli haifanyi wastani huo kwa namba, lakini imejifunza kutoka kwenye picha nyingi zenye tabia hiyo, na matokeo yake yanafanana. Kwa hiyo kila mara unapotaka rangi mbili ziyeyukiane, jiulize ni rangi gani iliyo njiani, kisha iandike. Kati ya zambarau na wekundu wa udongo njia inapita kwenye damu ya mzee. Kati ya samawati na chungwa, pitisha kwenye waridi iliyofifia.

`--ar 9:20` ni uwiano wa simu nyingi za sasa, zile za pikseli 720 kwa 1600 na 1080 kwa 2400. `--stylize 50` ni nusu ya kiwango cha kawaida cha Midjourney, ambacho ni 100. Ukikiacha juu, programu inaanza kukupambia, na mpito mtupu haupendi kupambwa. Orodha ya `--no` ipo kwa sababu ukisema rangi inatoka giza juu kwenda wekundu chini, modeli inadhani unazungumzia machweo na inakuletea upeo wa macho na jua dogo. Usijaribu kuandika ndani ya prompti yenyewe kwamba hutaki jua. Kutaja jua ni kuliita, kwa sababu modeli nyingi hazielewi vizuri neno la kukanusha.

Adui mkubwa wa mpito mtupu ni mikanda. Badala ya rangi kuyeyuka, unaona ngazi, kama mtu amepaka hatua kwa hatua. Chanzo chake ni hesabu rahisi. Picha ya kawaida ina viwango 256 vya mwanga kwa kila mkondo wa rangi. Tuseme wekundu unatoka kiwango cha 20 juu hadi cha 60 chini. Hizo ni hatua 40 tu, na zinatakiwa kufunika pikseli 2400 za urefu. Kila hatua inapata pikseli 60, na mkanda wa pikseli 60 jicho linauona, hasa usiku taa zikiwa zimezimwa. Wekundu huohuo ukitoka 30 hadi 230, hatua ni 200, kila moja pikseli 12, na mikanda inapotea machoni. Hivyo mpito wa giza kwenda giza ndio unaoharibika zaidi, na wale wanaopenda wolpepa nyeusi nyeusi ndio wanaolalamika zaidi.

Dawa yake ni chembechembe. Ukinyunyiza chembe laini sana juu ya picha, mpaka wa kila mkanda unavunjika na jicho linaunganisha lenyewe. Unaweza kuandika `fine film grain` kwenye prompti, na mara nyingi inasaidia, lakini mimi napendelea kuziongeza mwishoni kabisa kwenye programu ya kuhariri picha, baada ya kukuza na kukata. Ukikuza picha yenye chembe, kifaa cha kukuzia ama kinazifuta kikidhani ni uchafu, ama kinazikuza hadi zionekane kama mchanga. Kiasi kinachotosha ni kile ambacho ukiishika simu kama kawaida hukioni, na ukiikaribisha usoni ndipo unakihisi.

Maumbo yanayotiririka

Rangi ni zilezile, prompti ni nyingine kabisa:

```
abstract flowing folds, two wide curves rising from
the lower left, matte surface, deep grape purple with
darker maroon valleys, red clay on the lower curve,
one thin pale gold edge, upper third empty and smooth,
soft side light
--ar 9:20 --stylize 50 --no text, fabric, petals, desert
```

Hapa kazi kubwa iko kwenye neno linaloleta umbo. `silk` inaleta kitambaa, na kitambaa kinakuja na mng'ao wake: mistari mingi myeupe iliyojikunja, mizuri ukiitazama peke yake, inayochosha ukiitazama kila unapofungua simu. `liquid` inaleta ute unaoakisi vitu visivyokuwepo, hata madirisha. `smoke` ni laini na ina utulivu, ila kingo zake hufifia kiasi kwamba dhahabu yako haina pa kukaa. `dunes` ina mikunjo mipana ninayoipenda kuliko yote, lakini inakuja na jangwa, anga na wakati mwingine ngamia. Ukiitumia, lazima uziweke anga na jangwa kwenye `--no`. Neno `folds` likiambatana na `matte` ndilo lililonipa matokeo ya kutegemewa zaidi: mikunjo bila kitambaa, mwanga bila mng'ao.

Idadi nayo ni ya muhimu. Modeli ikiachwa huru itajaza skrini kwa mawimbi mengi membamba, kwa sababu picha ya namna hiyo inavutia ikiwa kubwa. Simu ina kioo cha inchi sita na nusu hivi. Mawimbi mengi hapo yanakuwa vurugu. Mikunjo miwili mipana, au mitatu, inatosha, na uandike `wide` wazi. Mwelekeo nao uutaje. Mkunjo unaopanda kutoka kona ya chini kushoto unalipeleka jicho juu, kwenye saa. Mkunjo unaokatiza katikati kwa ulalo unaigawa skrini vipande viwili, na saa inabaki kama imewekwa kimakosa.

`upper third empty and smooth` ndiyo sentensi iliyobeba prompti nzima. Pale ndipo saa inapokaa. Usipoiomba nafasi hiyo, modeli haina namna ya kujua kwamba kutakuwa na saa, na mara nyingi itaweka ukingo wa dhahabu hapohapo kwa sababu ndipo panapopendeza kwenye picha.

Sasa tuje kwenye mwanga na giza nilivyoanza navyo. Zambarau ya zabibu na damu ya mzee zote ni nyeusi nyeusi. Zikiwekwa kama mkunjo na bonde lake, rangi zinatofautiana lakini mwanga unakaribiana, na umbo linazama. Njia ya kulijua hili kabla hujaiweka picha kwenye simu ni kuihariri kwa muda: shusha ukolezo wa rangi hadi sifuri, ibaki kijivu. Kama mikunjo bado inaonekana, umbo lina mifupa. Kama picha imegeuka bamba moja la kijivu, ulikuwa unaona rangi tu, na nje juani hutaona hata hizo. Dawa ni kugusa mwanga, si rangi: ndiyo maana nimeandika `darker` kabla ya mabonde na `soft side light` mwishoni. Ukigeuza neno moja tu kwa wakati, huku umeshikilia `--seed` ileile, yaani namba ya kuanzia picha, utaona kila neno linafanya nini. Ukibadilisha matano kwa pamoja hutajua lipi lilikusaidia.

Kipimo hichohicho kwa mpito mtupu kina maana nyingine. Ukigeuka bamba la kijivu lenye mwanga sawa, hiyo ni sifa, maana yake maandishi yatasomeka popote yatakapoangukia.

Ukataji unavyoumiza moja na kuiacha nyingine

Si kila zana inakubali uwiano wa 9 kwa 20. Chukua picha ya pikseli 1024 kwa 1792, kipimo ambacho DALL-E 3 ilitoa kwa picha ndefu. Kwa urefu huo wa 1792, simu ya 9 kwa 20 inahitaji upana wa pikseli 806 tu. Pikseli 218 zinakatwa, 109 kila upande. Kwa mpito wa juu kwenda chini karibu hakuna kinachopotea. Rangi ya pembeni ni ileile ya katikati, isipokuwa kile kiraka cha dhahabu cha kushoto, ambacho kinaweza kukatwa. Kwa maumbo, ukingo wako wa dhahabu uliokuwa pembeni kulia unaweza kuondoka wote, na ile asilimia 10 iliyoshikilia uwiano wa rangi imeondoka nayo. Kama zana yako ina kipimo cha namna hii, andika `gold edge near the center` na usiiamini pembeni.

Ukuzaji nao una upendeleo. Kutoka urefu wa 1792 hadi 2400 ni kukuza kama mara 1.34. Mpito unakuzwa bila kulalamika kwa sababu hauna kingo za kufifia. Ukingo mwembamba wa mkunjo unalegea. Lakini mwenye simu ya 720 kwa 1600 hahitaji kukuza kabisa, anapunguza, na kupunguza hukaza kingo. Kwa simu za bei ya kawaida, zile ambazo wengi wetu tunazo, maumbo yanatoka makali kuliko kwenye simu ya gharama iliyopewa picha iliyovutwa.

Zikiwekwa kwenye simu yenyewe

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma chuo hapa Dodoma. Simu yake ni ya pikseli 720 kwa 1600, kioo cha LCD, na skrini ya kwanza imejaa aikoni safu tano. Alitaka wolpepa ya zabibu. Nilimwekea zote mbili, maumbo kwenye skrini ya kwanza, kama alivyoomba, na mpito kwenye iliyofungwa.

Hakuchukua muda. "Dada, majina ya app siyaoni," akaniambia, akiuelekezea ukuta kioo chake kama vile ukuta ndio unaomulika. Ukingo wa dhahabu ulikuwa umepita chini ya safu ya tatu, na maandishi meupe ya aikoni mbili yalikuwa yamelala juu ya dhahabu iliyofifia. Nyeupe juu ya dhahabu hafifu haisomeki. Zile zilizokaa kwenye bonde jeusi zilisomeka vizuri sana. Hili ndilo ninalomaanisha ninaposema maumbo yanagombana na maandishi: skrini moja, maandishi yaleyale, lakini kusomeka kwake kunategemea yameangukia wapi.

Tukazibadilisha. Mpito ukaja skrini ya kwanza, nao ukaleta shida yake: kile kiraka kidogo cha dhahabu kushoto hakikuwa kidogo. Kilikuwa kimeenea hadi karibu theluthi ya upana na kuzifikia aikoni za safu ya chini. Kwenye toleo lile niliandika `a glow of pale gold`, na neno `glow` lina tabia hiyo, linawasha kila kilicho jirani. Nikaweka `a small patch` kama ilivyo kwenye prompti ya hapo juu, `--seed` ileile, na dhahabu ikarudi ukingoni, juu kidogo ya safu ya kwanza ya aikoni. Sehemu ya chini, wekundu wa udongo, ilikuwa na mwanga wa kati, wa kutosha kubeba maandishi meupe. Kama ungekuwa udongo mpauko wa mwezi wa tisa, wenye vumbi, maandishi yangezama.

Maumbo yakaenda skrini iliyofungwa. Theluthi ya juu tupu, saa ikakaa kwenye zambarau, mikunjo miwili ikapanda kutoka chini, dhahabu ikapita katikati ambapo hakuna kitu cha kusoma hadi arifa ije. Hapo ndipo mikunjo inapolipa. Hata aliyekaa pembeni kwenye daladala anaiona na kuuliza umeitoa wapi, jambo ambalo mpito mtupu haulifanyi, hata uwe mzuri namna gani.

Yanayoupindua uamuzi

La kwanza ni jua. Mtu anayeshinda nje, dereva wa bodaboda pale stendi au muuza matunda Majengo, anaitazama simu yake chini ya mwanga mkali kwa sehemu kubwa ya siku. Mwanga wa jua ukigonga kioo unaongezeka juu ya kila kitu, na panapoumia zaidi ni penye giza: nyeusi inakuwa kijivu na kioo kinaonyesha uso wako badala ya saa. Mikunjo ya zabibu niliyoisifu haitaonekana kabisa. Kwa mtu huyu nageuza uwiano: udongo mpauko au krimu ndiyo 60, wekundu 30, zabibu inakuwa ile 10, na nampa mpito kwenye skrini zote mbili. Aikoni zenyewe zina rangi kali, zitasimama. Angalia tu kama simu yake inageuza maandishi kuwa meusi wolpepa ikiwa nyeupe. Nyingi zinafanya hivyo, na isipofanya, teremsha krimu hadi iwe udongo wa kati.

La pili ni aina ya kioo. Kwenye AMOLED kila pikseli inatoa mwanga wake, na pikseli nyeusi kabisa inazimwa, kwa hiyo picha yenye nyeusi nyingi inapunguza matumizi ya chaji. Kwenye LCD taa ya nyuma inawaka muda wote, iwe picha nyeusi au nyeupe, na wolpepa nyeusi haikupi chochote kwenye betri. Mwenye AMOLED nampa maumbo bila kusita, hata kwenye skrini ya kwanza kama aikoni zake ni chache, kwa kuandika `on pure black background` na kuacha mkunjo mmoja tu uibuke kutoka gizani. Mpito wa giza kwenda nyeusi kwenye kioo hicho ndio ninaouogopa, kwa sababu mikanda inaonekana wazi, na chembechembe zinazoitibu huziwasha zile pikseli zilizokuwa zimezimwa.

Lipo na la tatu, dogo. Kuanzia Android 12, simu nyingi huchukua rangi kutoka kwenye wolpepa na kuzipaka kwenye vitufe na menyu. Ikiwa skrini ya kwanza ina mpito wenye rangi moja iliyotawala, menyu zinafuata vizuri. Ikiwa ina maumbo yenye rangi nyingi zinazolingana nguvu, simu inajichagulia, na inaweza kuokota ile ambayo hukuitaka. Mara nyingi ukifungua mipangilio ya wolpepa utakuta chaguo kadhaa, na unaweza kuikataa ya kwanza.

Kuhifadhi na kutuma

Hifadhi kama PNG. JPEG ya ubora mdogo inafuta chembechembe kwanza, kwa sababu kwake hizo ni taarifa ndogo zisizo na maana, na mikanda uliyoifukuza inarudi. Kwa maumbo madhara ni madogo. Mikunjo yenyewe inazificha kasoro.

Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, usiitume kama picha. Programu inaibana, na mpito unafika kwake ukiwa na ngazi hata kama kwako ulikuwa laini. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua hati, kisha tafuta faili lako. Anayepokea aihifadhi, aifungue kwenye matunzio, na aiweke kutoka hapo bila kuivuta kwa vidole viwili, maana kuivuta ni kuikata upya na theluthi tupu ya juu inahama kutoka kwenye saa.